Kuamini ubavu au kuamini kujengana: ipi humbakiza mtu katika miaka migumu?

Kipepeo wa Jioni

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naomba nieleze jambo langu kwa utaratibu, kwa kuwa nimekuwa nalo kichwani kwa muda mrefu na sina tena wa kumwambia bila kumchosha.

Nina miaka 11 katika ndoa. Saba ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi kwamba nilikuwa nikiwaambia rafiki zangu, bila haya, kuwa mume wangu ndiye ubavu wangu, na kwamba wanaohangaika na ndoa zao huenda walikosea kuchagua tangu mwanzo. Mwaka wa nane alipoteza kazi. Kabla hatujatulia, mama yake akaugua na kuhamia kwetu, na tangu hapo nyumba yetu haijawahi kuwa na wiki nzima ya utulivu. Mume wangu hanipigi, hanitukani, na sina sababu ya kudhani kwamba ana mtu mwingine. Tumekuwa tu kama wapangaji wawili wanaopishana ukumbini.

Kinachonitisha ni kitu kidogo. Katika mwaka wetu wa pili tulipanga anipokee kituo cha basi, nikamsubiri kwa saa mbili bila yeye kutokea. Kwa miaka mingi kisa hicho kilikuwa kichekesho chetu, tukiwasimulia wageni na yeye mwenyewe akicheka kuliko wote. Mwezi uliopita nilijikuta nimelala macho wazi nikikikumbuka upya, na safari hii hakikunichekesha hata kidogo. Nilikiona kama ushahidi kwamba dalili zilikuwapo tangu zamani, nami sikutaka kuziona.

Nimesoma kwamba wataalamu hutofautisha wanaoamini kuwa kila mtu ana wake aliyeandikiwa na wanaoamini kuwa mapenzi hujengwa kidogo kidogo. Swali langu ni hili: katika miaka migumu, imani ya kwanza humshikilia mtu au humsukuma nje? Na hao wa imani ya pili, je, huvumilia kwa sababu bado wanapenda, au kwa sababu wamejiaminisha kwamba kuondoka ni uvivu?

Kisu Kikali

Dada Kipepeo, pole sana. Jibu ni fupi. Imani ya ubavu ni ndoto ya vijana, na utafiti umeshaonyesha kwamba wenye imani hiyo huachana mapema, ilhali wanaoamini kujengana hudumu. Anayeamini ubavu, ugomvi wa kwanza tu anahitimisha kwamba huyu siye, anafunga virago. Wewe mwenyewe ni mfano: miaka saba uliota, sasa umeamka. Iache imani hiyo, ushike ya pili, na tatizo lako litakuwa limekwisha nusu.

Mzee Nahodha

Kisu Kikali, mwanangu, nakuheshimu lakini hapo umepitiliza. Mimi nina miaka 31 na mke mmoja, na sijawahi kuamini kitu kingine zaidi ya kwamba huyu niliandikiwa. Tulipitia miaka mitatu ambayo kazi ilinipeleka mbali, nikawa narudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, na kila nikirudi tulikuwa wageni kwa siku nne za kwanza. Siku ya tano ndipo tulipoanza kuzungumza kama watu, na siku ya saba nilikuwa njiani tena. Katika miaka hiyo yote sikujiuliza hata mara moja kama nilikosea mtu. Nilijiuliza mengine mengi, ila swali hilo lilikuwa limefungwa. Sasa utaniambia kwamba imani iliyonishikilia ndiyo inayowaachanisha watu?

Nanga Kuu

Nimefanya kazi ya ushauri wa wanandoa kwa miaka mingi, na suala hili limekuwa likinivutia kwa sababu utafiti wake hunukuliwa vibaya mara nyingi, kama alivyofanya ndugu yetu Kisu Kikali. Niruhusuni nirefushe kidogo.

Mtu aliyeuweka mjadala huu kwenye utafiti ni mwanasaikolojia Raymond Knee, na makala yake ya msingi ilitoka mwaka 1998. Jambo la kwanza alilolionyesha, na ambalo watu hulisahau, ni kwamba imani hizi mbili hazikai kwenye ncha mbili za kamba moja. Zilipimwa kwa maswali tofauti, na kuwa na nyingi ya moja hakukumaanisha kuwa na chache ya nyingine. Mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba mkewe aliandikiwa kwake, na papo hapo akaamini kwamba matatizo wanayoyashinda pamoja yanawaimarisha. Nashuku kwamba Mzee Nahodha ni mtu wa namna hiyo, na kwa hiyo ushauri wa kuvua moja ili kuvaa nyingine hauna msingi.

Jambo la pili ndilo linalomhusu Kipepeo. Knee hakukuta kwamba wenye imani ya ubavu huachana mapema, basi. Alikuta kwamba, kwao, kudumu kwa uhusiano kulifungamana sana na jinsi walivyoridhika mwanzoni. Walioanza wakiwa wameridhika walidumu. Walioanza wakiwa na mashaka waliondoka upesi. Kwa wasio na imani hiyo, kuridhika kwa mwanzo hakukuwa na nguvu kubwa hivyo ya kutabiri nani angebaki. Maana yake, imani ya ubavu hufanya kazi kama hukumu. Hukumu ikisema "ndiye", inamshikilia mtu kwa nguvu ambayo mtu wa kujengana huenda hana. Ikigeuka kuwa "siye", nguvu ile ile inamtoa nje.

Ndiyo maana Mzee Nahodha na Kipepeo wanaweza kuwa na imani moja na kuishia mahali tofauti. Kwa Mzee kesi ilifungwa. Kwa Kipepeo imefunguliwa upya, na kesi ikifunguliwa, mashahidi wa zamani huitwa tena. Kisa cha kituo cha basi hakijabadilika, ila kwa miaka mingi kilisomwa chini ya hukumu moja, na sasa kinasomwa chini ya nyingine. Katika kazi yangu hii ndiyo dalili ninayoitazama kuliko wingi wa magomvi: mtu anapoanza kuiandika upya historia ya siku zilizokuwa nzuri, najua kwamba hayuko tena kwenye tatizo la leo.

Mtafuta Njia

Nashukuru kwa uzi huu mzuri. Mimi nina miezi mitano na binti mmoja, tunapatana katika karibu kila kitu, isipokuwa yeye hupenda kupanga mambo mapema nami hupenda kuamua papo kwa papo. Je, kwa maelezo ya Nanga Kuu, hii ni dalili kwamba siye ubavu wangu? Nitamjuaje aliyeandikiwa kwangu?

Kisu Kikali

Mtafuta Njia, hapa hatujadili namna ya kumtambua ubavu. Tunajadili kinachompata mtu anayeamini kwamba yupo. Na swali lako, nisamehe, ndilo hasa lile ambalo Nanga Kuu anasema hukumu huanzia.

Nanga Kuu, nakubali kwamba nilikimbia. Lakini bado nina shaka moja. Huenda mambo yako kinyume: mwenye furaha ndiye anayeamini ubavu kwa sababu ana furaha, na akikosa furaha anaanza kusema mapenzi ni kujenga, ili ajifariji. Basi imani haisababishi kitu, inafuata tu hali ya nyumba.

Nanga Kuu

Hiyo ni shaka ya haki, na haijaisha yote. Kuna waliojaribu kuijibu kwa kuiingiza imani kwa makusudi, kisha wakatazama kilichofuata. Utafiti ninaoupenda ni wa wanasaikolojia Spike Lee na Norbert Schwarz, uliochapishwa mwaka 2014, kwa sababu ulikuwa mwepesi mno. Washiriki walipewa zoezi dogo la lugha. Wengine walikutana na misemo ya watu wawili walioumbwa kuwa kitu kimoja, wengine misemo ya safari, kama vile kutazama tulikotoka na tulikofika. Kisha kila mmoja aliombwa akumbuke magomvi yake na mwenzi wake, au nyakati zao za kusherehekea, na mwishoni aeleze ameridhika kiasi gani. Waliotangulia kusoma misemo ya kuumbwa pamoja waliridhika kwa kiwango cha chini wakikumbuka magomvi kuliko wakikumbuka sherehe. Kwa waliosoma misemo ya safari, kukumbuka magomvi hakukuwapunguzia kitu.

Kwa hiyo maneno peke yake, hata ya dakika chache, yanaweza kubadilisha uzito wa ugomvi uliokwisha kupita. Ugomvi wa watu wawili walio safarini ni kona ya njia. Ugomvi wa nusu mbili za kitu kimoja ni ufa, na ufa unauliza kama vipande hivi viliwahi kuwa vya chungu kimoja.

Knee na wenzake nao walirudi mwaka 2004 kwa njia ya shajara, watu wakiandika magomvi yao kadiri yalivyotokea. Kwa kawaida ugomvi hupunguza azma ya mtu ya kubaki. Kwa wenye imani kubwa ya kujengana, upungufu huo ulikuwa mdogo. Sisemi kwamba hawakugombana. Ugomvi haukufika haraka kwenye swali la kubaki au kuondoka.

Hata hivyo naomba msiondoke hapa na uhakika kupita kiasi. Sehemu kubwa ya utafiti huu imefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu walio katika uchumba, na kwa muda wa siku au miezi. Dada Kipepeo anatuuliza habari za miaka minne yenye ukosefu wa kazi na ugonjwa wa mzazi. Huko ninaongozwa zaidi na watu niliokaa nao chumbani kuliko na jedwali lolote.

Jani Kavu

Mnaisifu sana imani ya kujengana, basi naomba na mimi niseme upande wake wa pili, maana niliishi humo miaka sita. Sikuwahi kuamini ubavu. Niliamini kazi. Kila alipovunja ahadi nilisema tunajifunza. Kila alipokaa kimya wiki mbili nilitafuta namna bora zaidi ya kuzungumza naye. Nilikuwa na daftari la mambo ya kurekebisha, na siku moja nililifungua nikakuta kurasa 40 zote ni za kwangu. Nilichotakiwa kubadilisha mimi, nilichotakiwa kusema kwa upole zaidi, saa ambayo hatakiwi kuulizwa jambo. Hapakuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa kwa mkono wake.

Mtu wa ubavu angeondoka mwaka wa kwanza, na angekuwa amefanya vema. Imani yangu ilinibakiza kwa sababu haikuwa na mahali pa kusema imetosha. Kila kushindwa kulihesabika kuwa somo.

Nanga Kuu

Jani Kavu, umeeleza kitu ambacho nakiona mara kwa mara. Imani ya kujengana ina kitenzi cha kutendana, na watu hukisahau. Kujengana kunahitaji mikono ya pande mbili, na mmoja akijenga peke yake, mwingine anakaa tu ndani ya nyumba.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia, nacho ni cha kawaida kabisa. Huwaomba wote wawili, kila mmoja peke yake, wanitajie jambo moja ambalo mwenzake amelibadilisha katika miezi mitatu iliyopita bila kuombwa. Si lazima liwe kubwa. Wote wakipata la kusema, hata wakiwa na hasira, nina mahali pa kuanzia. Mmoja akiwa na orodha ya juhudi zake mwenyewe na mwingine akikosa hata moja ya kutaja, tunazungumza kwa namna nyingine. Na penye kipigo au vitisho siulizi kipimo hiki kabisa, kwa sababu hayo hayamo katika kundi la changamoto za kukua nazo; hapo tunazungumzia usalama kwanza.

Kipepeo, bado nakusubiri. Naomba unisaidie kitu: magomvi yenu yalianza lini hasa? Nahitaji tarehe, si hisia.

Kipepeo wa Jioni

Nimechukua siku mbili kutafuta jibu, kwa sababu nilidhani nalijua, kumbe silijui. Nimepitia jumbe zetu za simu tangu mwaka wa sita wa ndoa. Kabla ya kazi kupotea, magomvi ya kweli, yaani yale ya kulala bila kusemezana, yalikuwa mawili au matatu kwa mwaka. Miezi minne ya kwanza bila kazi hapakuwa na hata moja, na tulikuwa tukifanyiana mzaha. Yakaanza mwezi wa tano, siku ambayo nililipa deni lake bila kumwambia. Mama alipohamia yakawa ya kila wiki, kisha kwa karibu mwaka mmoja sasa hayapo tena, kwa kuwa hatuzungumzi vya kutosha kuweza kugombana.

Kuhusu kipimo chako, nilitaka kujibu kwamba hakuna. Kisha nikakumbuka vikombe. Mimi silali nikijua kuna vyombo vichafu jikoni, na tangu mama alale chumba cha karibu na jiko, nimekuwa nikiviacha kwa kuogopa kumwamsha. Kwa wiki kadhaa sasa, karibu saa tano usiku, nasikia maji yakitiririka polepole sana, kama mtu anayeshikilia bomba lisitoe sauti. Anaviosha yeye. Sijawahi kumwomba, naye hajawahi kusema. Mimi nami sijawahi kuamka.

Lakini sitaki kujidanganya kwa vikombe. Nikimwomba tuzungumze, hujibu kwamba mambo yatapita. Je, huyo naye si mtu wa imani ya kujengana?

Mzee Nahodha

Mwanangu, hilo la deni lingeniuma hata mimi. Mwanamume asiye na kazi akigundua kwamba deni lake limelipwa kimya kimya, anasikia kwamba ameondolewa kwenye orodha ya watu wazima. Sikulaumu, nakueleza tu.

Kisu Kikali

Mzee, na yeye Kipepeo alikuwa afanye nini, awaache wadai wagonge mlango?

Nanga Kuu

Nyote wawili mna hoja, ila tusigeuze uzi kuwa kesi ya deni.

Kipepeo, tazama tarehe zako. Ndoa iliyokuwa na magomvi mawili kwa mwaka ilibadilika mwezi wa tano wa mzigo mzito, na ikabadilika tena mzigo wa pili ulipoingia. Hiyo ni ramani ya mizigo. Haijibu kama mume wako ndiye au siye, na haikuundwa kujibu swali hilo. Nakiri pia kwamba ramani hiyo haikuhakikishii kwamba mzigo ukiondoka mtarudi mlipokuwa. Nimeona watu waliopata kazi tena, ugonjwa ukapita, na ule ukimya ukabaki kama samani iliyosahauliwa.

Kuhusu "mambo yatapita", hapana, hiyo siiiti imani ya kujengana. Ni kungoja. Ukiitazama kwa karibu, ni ndugu wa imani ya ubavu: kama tuliandikiwa, hatuna la kufanya, tutatokea upande wa pili. Knee aliona kwamba wenye imani ya ubavu huelekea zaidi kujitenga na tatizo linapotokea, na wenye imani ya kujengana huelekea kulishughulikia. Inawezekana kwamba mume wako bado anaamini kwa nguvu zote kwamba wewe ndiye wake, na kwa sababu hiyo hasa haoni haja ya kuzungumza. Wewe umefungua kesi, yeye hajui kama kuna mahakama.

Singekushauri uanze kwa kumuuliza habari za ndoa yenu. Muulize jambo moja lenye mipaka, lenye jibu.

Jani Kavu

Nanga Kuu, nakusikia, lakini bado ni yeye tena anayeambiwa afanye hatua ya kwanza. Daftari langu lilianza hivyo hivyo.

Nanga Kuu

Ni kweli, na sina jibu zuri la hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba ya kwanza mtu hulazimika kuifanya peke yake. Ya tano hatakiwi kuwa peke yake.

Kipepeo wa Jioni

Nimerejea. Jana usiku niliposikia maji niliamka. Sikusema lolote kuhusu ndoa. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta vikombe, na baada ya kama dakika tano nikamuuliza kuhusu kile kituo cha basi, kwa nini hakuja siku ile.

Alinitazama kwa mshangao. Anasema alikuja. Alichelewa kwa sababu gari aliloazima lilizimika njiani, akafika nikiwa nimekwisha kuondoka, na usiku ule ule alinieleza nikamwambia si neno. Anasema mzaha wetu siku zote ulikuwa kuhusu gari lile, wala haukuwa kuhusu kunisahau.

Sikumbuki gari lolote. Nimejaribu usiku kucha na sikumbuki. Inawezekana anasema kweli na kumbukumbu yangu imekunjwa na miaka hii minne, na inawezekana yeye ndiye aliyeikunja ya kwake. Tulibaki tumesimama pale na vikombe vimeshakauka, kila mmoja na siku yake. Mama akakohoa, mume wangu akaenda kumtazama. Aliporudi alikuta bado nipo, akaniuliza kama nakumbuka lilikuwa gari la rangi gani, kwa kuwa yeye pia hana uhakika.

Mzee Nahodha

Mkipata jibu la rangi, utuambie.